Umenukuliwa vibaya kwenye grupu la kikoba? Anza na maneno yako, siyo ya aliyekunukuu

Kwenye grupu la WhatsApp la kikoba, sentensi moja ikibebwa vibaya inaweza kuwafanya watu waanze kudai hisa zao kabla ya mzunguko kuisha. Mara nyingi aliyenukuliwa vibaya ndiye anayemalizia kuharibu, kwa sababu anajibu haraka, kwa hasira, na anaanza pale pasipotakiwa.

Chukua mfano huu wa kikoba cha wanawake 20 wa mtaa mmoja. Kama vikoba vingi, wana utaratibu wa kukopa mwisho mara 3 ya hisa: mwenye hisa za Sh200,000 anakopeshwa hadi Sh600,000, basi. Mzunguko unafungwa Desemba na kila mtu anapewa mgao wake. Oktoba, mwanachama mmoja akapendekeza kanuni ilegezwe, waliokwama wakopeshwe zaidi. Jumanne saa 2 usiku, mwenzake akaandika:

"Tukikopeshana zaidi ya mara 3 ya hisa mwezi huu, baadhi yetu tunaweza kuchelewa kupata mgao Desemba. Naomba Jumamosi mweka hazina atuletee daftari tuangalie."

Asubuhi yake, mama mmoja mtu mzima ndani ya grupu akaandika: "Jamani, mwenzetu anasema pesa zimekopeshwa hovyo, mgao wa Desemba haupo, na mweka hazina akaguliwe."

Hadi saa 4 asubuhi wawili walishauliza watapataje hisa zao. Mweka hazina, ambaye ni jirani wa nyumba ya tatu, yuko kimya. Na ukimya huo kila mtu anausoma anavyotaka.

Tofauti iko kwenye silabi

Kabla ya kujibu chochote, weka sentensi mbili pamoja, yako na ya aliyekunukuu, utafute ni neno gani limebadilika. Siyo hisia gani imebadilika, neno gani. Kiswahili kinarahisisha kazi hii kwa sababu sehemu kubwa ya maana inabebwa na silabi ndogo katikati ya kitenzi.

Hapa dada aliandika "tukikopeshana". Ile "ki" inamaanisha jambo bado, ni endapo. Aliyemnukuu amesema "zimekopeshwa", na ile "me" inamaanisha limeshafanyika. Herufi mbili tu, lakini ya kwanza ni tahadhari na ya pili ni tuhuma. Pia "baadhi yetu tunaweza kuchelewa" imegeuka "haupo". Na "atuletee daftari tuangalie" imekuwa "akaguliwe", neno ambalo kwenye masuala ya pesa linanuka wizi hata kama hakuna aliyeutaja.

Inafaa kusema hapa kwamba wengi wanaonukuu vibaya hawana nia mbaya. Mtu anasoma ujumbe akiwa kwenye daladala, anakumbuka kiini chake kama alivyokielewa, saa 12 baadaye anasimulia. Vinavyodondoka njiani ni vile vidogo: "kama", "baadhi", "huenda", "tunaweza". Ndiyo maana kumwita mwongo ni kubahatisha, na ukikosea unakuwa na ugomvi wa pili.

Jibu linalowaponza wengi

Jibu la kwanza linalomjia mtu ni hili: "SIJASEMA pesa zimekopeshwa hovyo! SIJASEMA mgao haupo! Acheni umbea!"

Ni kweli hakusema. Shida ni kwamba sasa yameandikwa kwa mkono wake. Mwanachama anayefungua simu saa 7 mchana na kukuta jumbe 87 hasomi zote, anapitisha macho. Atakachoona ni "pesa", "hovyo", "mgao haupo", mara mbili, na moja ya hizo mara mbili inatoka kwa mhusika mwenyewe.

Mtego huu ulishamnasa hata rais. Novemba 17, 1973, wakati sakata la Watergate linapamba moto, Richard Nixon wa Marekani alikuwa akijibu maswali ya wahariri wa habari huko Florida. Akawaambia kwamba yeye si tapeli. Watu wakaondoka na neno tapeli. Agosti 1974 alijiuzulu, na ingawa kilichomwangusha ni ushahidi na siyo sentensi ile, hadi leo ndiyo inayokumbukwa kuliko maelezo yote aliyotoa siku ile.

Neno lingine la kuliacha ni "eti". "Eti nimesema pesa hazipo" ni kejeli, na kila Mswahili anaisikia hivyo. Ukishaweka "eti", mama wa watu hana njia ya kurudi nyuma bila kuaibika mbele ya watu 18, na mtu aliyebanwa kwenye kona hatarudi, atang'ang'ania.

Jibu linavyojengwa

Jibu linaloshika lina mpangilio rahisi: maneno yako kama yalivyo, kisha tofauti kwa sentensi moja au mbili, kisha kile ulichokuwa unataka tangu mwanzo.

Ufundi wa simu unaanza hapa. Usijibu kwa kuvuta ujumbe wa aliyekunukuu, kwa sababu utaonekana juu ya jibu lako na utakuwa umeutangaza upya. Panda juu utafute ujumbe wako wa Jumanne (ukiwa mbali, tumia sehemu ya kutafuta ndani ya grupu, andika "daftari"), uvute kulia, kisha ujibu huo. Maneno yako ya asili yatakaa kwenye kiboksi juu ya jibu, na anayegusa kiboksi anapelekwa moja kwa moja pale ulipoandika, aone na yaliyosemwa kabla na baada. Picha ya skrini haina faida hiyo. Picha inaweza kukatwa, na watu wanajua inaweza kukatwa.

Kiboksi kinaonyesha mistari michache tu, na kuna ambaye simu yake mpya haina jumbe za zamani. Kwa hiyo sentensi yenyewe inakiliwe tena, nzima, bila kurekebisha hata nukta. Dada yetu angeandika:

"Shikamoo mama, habari za asubuhi wote. Nilichoandika jana saa 2 usiku ni hiki: 'Tukikopeshana zaidi ya mara 3 ya hisa mwezi huu, baadhi yetu tunaweza kuchelewa kupata mgao Desemba. Naomba Jumamosi mweka hazina atuletee daftari tuangalie.' Nilikuwa nazungumzia tukilegeza kanuni, bado hatujailegeza. Daftari nimeliomba ili tujue tuna kiasi gani kabla ya kuamua, na ombi hilo liko pale pale."

Tazama ambacho hakimo. Hamna "umenipotosha", hamna "soma vizuri". Maneno "hovyo" na "haupo" hayajarudiwa hata mara moja. Mama amesalimiwa kwanza, na salamu hapa ina kazi: inawaonyesha wanaosoma kwamba hakuna ugomvi, hivyo hawahitaji kuchagua upande. Mama naye amepewa nafasi ya kusema "aah, kumbe nilielewa hivi" na maisha yakaendelea.

Mweka hazina hajatetewa wala hajatuhumiwa. Watu hukosea sana hapa, wanaongeza "na mimi namwamini sana mweka hazina wetu". Hakuyasema hayo Jumanne. Akiyaongeza leo, mtu mwingine atauliza kwa nini anaombwa daftari kama anaaminika, na mjadala umeanza upya. Kama anataka kumtuliza jirani yake, ampigie simu pembeni.

Usiguse ujumbe wa zamani

WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tangu uutume, na ukihariri inaweka alama kwamba umehaririwa. Ukinukuliwa vibaya ndani ya dakika hizo, kishawishi cha kuongeza neno ili sentensi iwe wazi zaidi ni kikubwa. Usifanye. Ile alama itakuwa ushahidi wa mpinzani wako kwamba umegeuza maneno baada ya kubanwa. Kufuta ni kubaya zaidi, kwa sababu panabaki taarifa kwamba hapo palikuwa na ujumbe umefutwa, na kila mtu atajaza pengo kwa akili yake.

Akirudia tena kukunukuu vibaya, usitunge maelezo mapya. Kila toleo jipya ni sentensi mpya ya kunukuliwa vibaya, na baada ya matoleo matatu hata wewe utaanza kujipinga. Vuta jibu lako la kwanza, andika "Jibu langu ni hili hapa", nyamaza. Mara ya tatu, muombe mwenyekiti aliweke kwenye ajenda ya Jumamosi.

Utajua limefanya kazi kwa kuangalia maswali yanayofuata. Wakianza kuuliza "kwa hiyo daftari linakuja Jumamosi?" umefika. Wakiendelea na "pesa ziko wapi?", wanajibu ule ujumbe mwingine bado, na hapo mwenye kauli ya kuwatuliza ni mwenyekiti, siyo wewe.

Pale njia hii inapogoma

Kuna tofauti kati ya kunukuliwa vibaya na kutafsiriwa usivyopenda. Mama angeandika, "Mimi naona maana yake anamshuku mweka hazina", hapo hajasema dada alisema nini, ametoa maoni yake. Kurudisha sentensi ya asili hakutasaidia kwa sababu hakuna aliyeibadilisha. Hayo yanajibiwa kwa hoja.

Na kama sentensi yako kweli inasomeka namna mbili, kuirudisha kama ilivyo kutaleta mkanganyiko ule ule. Irudishe, halafu sema ni maana ipi kati ya hizo mbili uliyokusudia.

Ujumbe wa sauti nao una tabu yake. Hakuna atakayesikiliza dakika 3 upya ili kujua nani mkweli. Taja mahali: "sikilizeni kuanzia dakika ya 1 na sekunde 40", kisha andika sentensi uliyoitamka pale, kwa maneno yale yale, hata kama yalikuwa na kigugumizi.

Yaliyosemwa ana kwa ana kikaoni yana mlango wake, na wengi wanaupita bila kuutumia. Kikao kinachofuata huanza kwa katibu kusoma muhtasari wa kilichopita ili uthibitishwe. Kama umeandikwa vibaya, nyoosha mkono hapo, taja namba ya kipengele na sema kisomeke vipi. Katibu anarekebisha, ndipo unathibitishwa na mwenyekiti anasaini. Ukisubiri hadi "mengineyo" mwisho wa kikao, saini imeshawekwa na yaliyoandikwa ndiyo kumbukumbu ya kikundi.