Duka Moja, Bei Mbili: Jinsi ya Kupanga Bei ya Jumla na ya Rejareja

Asubuhi anaingia mwenye kibanda anataka belo tatu za unga. Nyuma yake kuna mama anataka pakiti moja ya ugali wa leo. Unga ni ule ule, na wote wawili wanauliza, "Ni ngapi?" Ukiwajibu bei moja, lazima mmoja wao utampoteza, au faida yako itapotea. Basi tupige hesabu pamoja, tukitumia unga wa mahindi wa kilo 2 ambao belo lake lina pakiti 12. Bei hizi ni za mfano tu, weka za duka lako.

Anza na gharama ya mzigo ukiwa dukani

Tuseme depo wanakuuzia belo kwa shilingi 1,560. Usafiri na kupakua ni shilingi 24 kwa kila belo. Basi belo limekufikia kwa 1,584, yaani 132 kwa pakiti. Wengi huanza na 1,560, na hapo ndipo makosa huanzia, kwa sababu faida ya jumla ni ndogo na hizo 24 ni pesa nyingi.

Sasa panga bei. Rejareja uza pakiti kwa 150, upate 18. Jumla uza belo kwa 1,632, upate 48. Belo lile lile ukilimaliza pakiti kwa pakiti linakupa 216, lakini litachukua muda, utalipa mtu wa kukaa kaunta, na pakiti zingine zitapasuka. La jumla linatoka kwa dakika mbili.

Mwachie mwenye kibanda nafasi

Kwa bei yako ya jumla, pakiti moja inamgharimu 136. Akilipa bodaboda 60 kubeba belo mbili, pakiti inafika kwake kwa 138.50. Akiuza 150, anabaki na 11.50. Sasa wewe ukishusha rejareja hadi 140 ili uvutie watu wa mtaa, wateja wake watakuja kwako moja kwa moja, naye atatafuta duka lingine la jumla. Utakuwa umepata pakiti kadhaa na kupoteza belo kila wiki.

Bei ifuate idadi, sio sura

Kila mtu atakuambia, "Mimi pia nina duka." Usibishane naye. Andika ukutani: bei ya jumla ni kuanzia belo zima, halifunguliwi. Jirani wawili wakichanga wakanunua belo, wauzie kwa jumla, kwa sababu kazi yako ni ile ile.

Wa katikati je? Weka bei ya nusu belo: pakiti 6 kwa 846, yaani 141 kila moja. Bila hatua hiyo, pakiti 11 za rejareja zingekuwa 1,650, ghali kuliko belo zima, na mteja angeona unamchezea. Ukiwa nayo, pakiti 11 ni 1,596, na belo bado ni 1,632. Kila anayeongeza mzigo analipa zaidi kwa jumla yake, lakini anayefikia nusu belo au belo zima analipa kidogo kwa kila pakiti.

Angalia ada ya malipo

Kama namba yako ya malipo inakatwa ada ya asilimia, kumbuka inakatwa kwa mauzo, sio kwa faida. Tuseme ni asilimia 0.5. Kwa pakiti ya 150 ni senti 75, hutasikia. Kwa belo la 1,632 ni shilingi 8.16, karibu moja ya sita ya zile 48. Mteja akiomba umpunguzie "thelathini tu", unabaki na kama shilingi 10 kwa belo zima. Kwa hivyo piga hesabu ya ada kabla ya kukubali.

Tenganisha namba za malipo

Tumia tili mbili, moja ya jumla na moja ya rejareja. Jioni fungua taarifa ya tili ya jumla. Malipo yoyote yaliyo chini ya bei ya belo lako la bei nafuu zaidi yana maswali. Ukiona 136 au 272, hizo ni pakiti moja au mbili zilizouzwa kwa bei ya jumla, labda kwa rafiki wa aliye kaunta. Muulize siku hiyo hiyo, akiwa bado anakumbuka.

Depo wakipandisha

Belo likipanda kwa 60, litakufikia kwa 1,644. Ukiendelea kuuza 1,632 unapata hasara ya 12 kwa kila belo, na unaipata haraka kwa sababu jumla inatoka kwa wingi. Rejareja bado inakupa 13 kwa pakiti. Kwa hivyo badilisha bei ya jumla kwanza, kabla mzigo mpya haujaanza kutoka. Ya rejareja inaweza kusubiri siku moja au mbili uone vibanda vinauza ngapi.