Simu Zinaingia, Laptopu Imeganda

Laptopu ikikwama kwenye maneno "Obtaining IP address", wengi hukimbilia kuandika paswedi upya. Hapo unajisumbua bure. Kwenye waifai za siku hizi paswedi huhakikiwa kabla ya hatua hiyo, kwa hiyo ukifika kwenye kuomba anwani, mlango umeshafunguliwa. Kilichobaki ni laptopu kutangaza mtandaoni kwamba inahitaji anwani, na ruta kuiazima moja kwa muda fulani.

Simu zinapoingia bila shida, ni rahisi kuitupia laptopu lawama. Tusiharakishe. Ruta ina idadi maalumu ya anwani, na simu zilizozoea kuingia huenda bado zinashikilia zao. Zikiwa zimekwisha, simu hizo zitaendelea kuperuzi huku kifaa kipya kikinyimwa. Tafuta basi simu ya mgeni, ambayo haijawahi kuingia kwenye waifai hiyo. Ikipata anwani, ruta bado inagawa.

Kisha washa hotspoti kwenye simu na uiunganishe laptopu nayo. Ikiingia, kagua ruta: pengine kuna mtu aliyeifungia laptopu hiyo kwenye mipangilio. Ikiganda na huku pia, mshukiwa amebaki mmoja.

Chukua laptopu ya Windows iliyoshindwa kote kuwili. Fungua Command Prompt, uandike:

```
ipconfig /all
```

Tafuta sehemu ya waifai. Ukikuta "DHCP Enabled: Yes" pamoja na anwani inayoanza na 169.254, maana yake laptopu iliomba, haikusikia jibu, ikajipachika anwani yenyewe. Anwani hiyo haikufikishi kwenye intaneti. Ikisomeka "No", mtu aliijaza anwani kwa mkono, mara nyingi kwa ajili ya mtandao wa ofisini. Irudishe kwenye kujitafutia.

Kwenye hali ya 169.254, mimi huanza na antivairasi na programu za VPN, hata zile ambazo mwenye laptopu anaapa alishazifuta. Baadhi huacha kichujio kwenye kadi ya waifai, nacho huweza kulizuia jibu la ruta lisifike. Andika `ncpa.cpl`, bofya waifai kwa kitufe cha kulia, ingia Properties. Ukiona kwenye orodha jina la antivairasi ya zamani, ondoa alama yake ya tiki, kisha ujaribu kuunganisha tena.

Isiposaidia, usinunue kadi mpya kwanza. Washa laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Ikipata anwani humo, kadi ni nzima na ugonjwa uko ndani ya Windows: fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika `netsh int ip reset`, zima na kuwasha, na tatizo likibaki weka upya draiva ya waifai. Ikigoma hata kwenye Ubuntu, jaribu adapta ndogo ya waifai ya USB kabla ya kumruhusu fundi afungue mashine.