Mistari Inayoondoka kwa Kutoboa Vishimo Viwili

Julai 31, 1969, siku kumi na moja tu baada ya binadamu wa kwanza kukanyaga Mwezi, chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 6 kilipita kando ya sayari ya Mirihi kwa umbali wa takriban kilomita 3,400. Mwenzake, Mariner 7, alifuata Agosti 5. Vyombo vyote viwili vilibeba kamera za televisheni, na picha zao zilirushwa kwa redio hadi duniani. Wataalamu wa maabara ya Jet Propulsion Laboratory, Pasadena, walipozitazama, waliona mashimo na mabonde ya Mirihi, lakini baadhi ya picha zilikuwa zimefunikwa na mistari hafifu iliyojirudia kwa mpangilio uleule. Mistari hiyo haikutoka Mirihi. Mawimbi ya umeme kutoka kwenye saketi za chombo yalikuwa yamejipenyeza ndani ya mawimbi dhaifu ya kamera, na kila mpigo wake ukaacha alama.

Picha moja ya namna hiyo ya Mariner 6 imeingia katika kitabu cha kiada cha Rafael Gonzalez na Richard Woods, na vizazi vya wanafunzi wamejifunzia hapo. Tatizo lenyewe halijaisha. Picha zilizokopiwa kwa skana kutoka magazeti ya zamani, picha za darubini, hata picha za satelaiti, bado hutoka na mistari au nukta zinazojirudia.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kuilainisha picha: kila pikseli ichukue wastani wa jirani zake mpaka mistari ipotee. Mistari hupotea kweli, ila kingo za mashimo, nyufa na maandishi madogo hupotea nayo. Kasoro ni kwamba kulainisha hakutofautishi mstari wa umeme na ufa wa mwamba. Vyote ni mabadiliko ya haraka ya mwanga, na vyote vinafutwa.

Njia iliyo bora huanza kwa kuitazama picha kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mfaransa Joseph Fourier, aliyekuwa akichunguza jinsi joto linavyosambaa, alionyesha kwamba umbo lenye kupandapanda na kushukashuka linaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini, mengine mapana na mengine membamba. Picha nayo hujengwa hivyo. Kompyuta inaweza kuhesabu kila wimbi lina nguvu kiasi gani ndani ya picha, kisha ikachora ramani ya nguvu hizo. Ramani hiyo ndiyo spektra. Katikati yake hukaa wastani wa mwanga wa picha nzima. Kadiri nukta inavyokuwa mbali na katikati, ndivyo wimbi lake linavyojirudia mara nyingi zaidi. Na upande ambao nukta imekaa huonyesha mwelekeo wa wimbi.

Tuchukue picha ya mraba yenye pikseli 512 kwa 512, ambayo mwanga wake hupimwa kuanzia 0, yaani weusi, hadi 255, yaani weupe. Mistari iliyoingia ni ya mshazari. Anayehesabu kwenda kulia atakutana nayo mara 64 tangu ukingo hadi ukingo, na anayehesabu kushuka chini atakutana nayo mara 24. Kila mstari unapandisha na kushusha mwanga kwa vipimo 10 tu. Kwenye spektra, mistari yote hiyo, iliyotapakaa picha nzima, inakusanyika katika nukta mbili. Moja iko hatua 64 kulia na 24 chini ya katikati. Ya pili ni pacha wake, hatua 64 kushoto na 24 juu. Pacha huyo lazima awepo, kwa sababu wimbi halisi la mwanga hugawanya nguvu zake nusu kwa nusu pande mbili za katikati.

Ukubwa wa nukta hizo unashangaza. Kila moja hupata nusu ya 10 mara idadi ya pikseli zote, 262,144, yaani zaidi ya milioni 1.3. Kama usumbufu wenye nguvu ileile ungekuwa wa bahati nasibu, chembechembe zisizo na mpangilio wowote, ungesambaa kwenye spektra nzima, na kila nukta ingepata karibu 3,600 tu. Ndiyo maana mistari ambayo jicho linaiona kwa shida juu ya picha hung'aa kwenye spektra mithili ya misumari iliyosimama. Kujirudia kwake, ambako ndiko kunakoudhi, ndiko pia kunakoiumbua.

Hapo ndipo kichujio cha pengo kinapoingia kazini. Ni kichujio kinachopitisha spektra yote isipokuwa sehemu ndogo sana inayozunguka msumari. Katika mfano wetu, kishimo chenye nusu kipenyo cha hatua 3 hufunika nukta 29. Viwili hufunika 58 kati ya 262,144. Kinyume chake, kulainisha kwa kukata kila wimbi lililo mbali zaidi ya hatua 60 kutoka katikati kungetupa zaidi ya asilimia 95 ya nukta za spektra. Anayetoboa vishimo anafanya kazi ya mchambua mchele: anaokota jiwe, hamwagi ungo. Vishimo vikishatobolewa, kompyuta hurudisha spektra kuwa picha, na mistari haipo.

Hesabu hizi zamani zilikuwa mzigo. Kwa kukokotoa kila nukta ya spektra kivyake, picha ya ukubwa huo ingedai takriban kuzidisha mara bilioni 69. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya mkato iliyoishusha kazi hiyo hadi mamilioni machache, miaka minne tu kabla ya Mariner kufika Mirihi. Leo hata programu ya bure kama ImageJ, iliyoanzishwa na Wayne Rasband katika taasisi za afya za Marekani, huifanya mara moja: mtu hubonyeza `Process > FFT > FFT`, hupaka rangi nyeusi juu ya misumari yote miwili, kisha hubonyeza `Process > FFT > Inverse FFT`.

Kubonyeza ni rahisi. Kujua nukta ipi ni ya kupakwa ndiko kunakohitaji jicho.

Karibu kila spektra ina msalaba mweupe unaopita katikati, mlalo na wima. Mgeni huudhani usumbufu na kuufuta. Msalaba huo mara nyingi hutokana na kingo za picha: hesabu huchukulia kwamba ukingo wa kulia unaendelea na wa kushoto, na wa chini na wa juu, na mahali mwanga usipolingana hutokea mruko mkali. Kuufuta hakuondoi mstari wowote, na huichafua picha kando kando. Halafu kuna misumari ya haki. Paa la mabati, uzio wa mbao na sakafu ya vigae hujirudia pia, na vina nukta zao zinazong'aa. Akizitoboa hizo, mtu atakuwa amesawazisha mikunjo ya bati. Njia ya kuzitofautisha ni kukata kipande cha picha kisicho na paa, labda anga tupu, na kutazama spektra yake peke yake. Msumari unaobaki hata huko ni wa usumbufu.

Mistari yenye kingo kali huongeza wenza. Kama mstari wetu ungekuwa mweusi wa kukatika ghafla badala ya wimbi laini, msumari mwingine mdogo ungetokea mara tatu mbali zaidi, hatua 192 na 72. Ukiachwa, picha hubaki na mistari myembamba mahali ilipokuwa minene.

Ukingo wa kishimo nao una masharti yake. Kikikatwa wima, kutoka kupitisha yote hadi kutopitisha kitu, picha hurudi na viwimbi hafifu pembeni mwa kila kitu chenye ukingo mkali. Kwa hiyo mafundi hukishusha taratibu, kwa mteremko laini.

Mfano wetu ulikuwa na bahati ya namba nzima. Mistari ya kweli haina adabu hiyo. Ikijirudia kila baada ya pikseli 7.7 kwenda kulia, upana wa 512 hubeba mizunguko 66 na karibu nusu. Hakuna nukta ya 66 na nusu, kwa hiyo nguvu humwagika kwa majirani na msumari hugeuka kuwa mchirizi. Wengi hukimbilia kupanua kishimo, na hapo ndipo wanapoanza kula picha yenyewe. Mara nyingi dawa nzuri zaidi ni mkasi: upana ukipunguzwa hadi pikseli 462, mizunguko inakuwa 60 kamili na mchirizi unarudi kuwa nukta. Programu inayojiongezea pikseli ili kufikia upana fulani huharibu mpango huo, kwa hiyo ni vizuri kulikagua jambo hilo kwanza.

Namna ya kujua kama kazi imekwenda vizuri ni kuitoa picha iliyosafishwa kutoka ile ya awali na kuitazama tofauti. Tofauti hiyo inapaswa kuonyesha mistari mitupu. Yakionekana umbo la uso, herufi au ukingo wa jengo, basi kishimo ni kipana mno au kimetobolewa mahali pasipo pake.

Sehemu za kuangaliwa zaidi ni zile zilizoungua kwa mwanga. Mahali ambapo anga limefika 255, mstari haukuweza kupanda zaidi, hivyo haukuandikwa wote. Kichujio hakijui hilo. Hutoa mstari kamili hata huko, na anga lililokuwa jeupe tupu huishia kuwa na mistari mipya iliyogeuzwa. Vivyo hivyo kwa fremu nyeusi, ambayo ni heri ikatwe kabla ya kuanza.

Tatizo hilohilo hutokea pale usumbufu unapokuwa mkali upande mmoja wa picha na hafifu upande mwingine: kishimo huondoa kiasi cha kati, kikipunguza mno huku na kuacha masalio kule. Kwa picha za namna hii, ile ya Mirihi ikiwemo, kitabu cha Gonzalez na Woods kinafundisha kuigeuza kazi. Badala ya kutupa kilichomo vishimoni, fundi hukibakiza hicho peke yake na kukirudisha kuwa picha, akapata ramani ya mistari mitupu. Kisha hupita kipande kwa kipande, akiiondoa ramani hiyo kwenye picha kwa uzito unaoyafanya mabadiliko ya mwanga yawe madogo kabisa katika kila kipande. Palipo na mistari mikali uzito hupanda, na palipo safi hushuka karibu na sifuri.