Jela ya Duara na Tochi ya Trafiki

Jela maarufu kuliko zote katika nadharia za nidhamu haikuanza kama jela. Ilianza kama karakana. Samuel Bentham, mhandisi wa Kiingereza, alikuwa akisimamia viwanda vya Potemkin, mkuu wa Kirusi, huko Krichev katika Belarusi ya leo. Swali lililomkosesha usingizi kila msimamizi analijua: nikigeuka, hawa watafanya kazi? Akawaza jengo ambalo msimamizi angekaa katikati na kuwaona wote. Kaka yake Jeremy, mwanafalsafa aliyesomea sheria, alikuwa amemtembelea. Akalidaka wazo hilo, akaandika barua mwaka 1787, na mwaka 1791 zikatoka kama kitabu kiitwacho Panoptikoni.

Seli zinapangwa kwa duara, ghorofa juu ya ghorofa. Kila moja ina dirisha upande wa nje na nondo upande wa ndani, kwa hiyo mwanga unapita na mfungwa anaonekana umbo zima. Katikati kuna chumba cha mkaguzi. Mpaka hapo hakuna maajabu. Ujanja wa Bentham ulikuwa katika kumficha mkaguzi mwenyewe: mapazia ya vibao madirishani, kuta za ndani za kukatisha mwanga, na mahali pa milango aliweka njia zenye kona, ili hata mlio wa bawaba usimuumbue. Mfungwa anajua anaweza kutazamwa, ila hajui anatazamwa saa ngapi. Mkaguzi akienda kula, jela inaendelea kujilinda.

Serikali ya Uingereza ilisitasita miaka mingi, kisha ikaachana na mradi huo na kumlipa Bentham fidia ya pauni 23,000 mwaka 1813. Pengine wazo hilo lingebaki kwenye makabati ya nyaraka kama Mfaransa Michel Foucault asingelifufua mwaka 1975 katika kitabu chake kuhusu historia ya adhabu. Hoja yake ni kwamba shule, kambi, kiwanda na hospitali vilijifunza ufundi uleule: mpange kila mtu mahali pake, mwone bila yeye kukuona, mwandikie faili, na baada ya muda atakuwa askari wa nafsi yake. Fimbo inapumzika.

Hoja hiyo imerudiwa mno mpaka watu wengi wanadhani jengo la duara linatosha. Gereza la Arnhem nchini Uholanzi linaonyesha vinginevyo. Lilifunguliwa mwaka 1886, kuba kubwa lenye seli kuzunguka ukuta mzima. Karibu karne moja baadaye msanifu majengo Rem Koolhaas alipopewa kazi ya kuangalia namna ya kulikarabati, alikuta walinzi wamekihama kituo cha katikati, nacho kimegeuzwa kantini. Askari walizunguka huku na huko, na aliyekaa katikati akinywa kahawa ndiye aliyetazamwa na wafungwa kutoka pande zote. Ukimwondolea mkaguzi pazia, duara linamgeukia.

Pazia ni sharti la kwanza. La pili ni wanaotazamwa wasipashane habari, na ndiyo maana Bentham aliweka kuta kati ya seli na seli. Dereva yeyote wa njia kuu Tanzania anajua linavyovunjika. Trafiki amejibanza nyuma ya mwembe na tochi yake ya kupima mwendo, mahali penye kibao cha 50. Kwa mujibu wa Bentham, hilo lingetosha kumfanya dereva aogope kila mwembe. Lakini gari linalotoka mbele linawasha taa mara mbili, na wewe unajua. Unapunguza hadi 48, unapita kwa heshima zote, na kilomita mbili mbele mguu unarudi kwenye mafuta. Trafiki amefichwa vizuri, ila kuta za seli hazipo.

Kifaa cha kufuatilia mwendo kinachofungwa kwenye mabasi ya abiria chini ya usimamizi wa LATRA ni kitu kingine kabisa. Hakijifichi wala hakimwachi dereva akikisia. Kinaandika mwendo wakati wote basi likiwa njiani, na kuwashiana taa hakusaidii kitu. Ndiyo maana ukaidi nao umebadilika: dereva hamkwepi tena mtazamaji, bali anakichezea kifaa chenyewe. Nionavyo, hapa mnara wa Bentham unaanza kutuchanganya kuliko kutusaidia, kwa sababu nguvu yake yote ilikuwa katika shaka, na kifaa hiki hakina shaka.

Kuna sehemu ya mpango wake, hata hivyo, ambayo wanaofunga kamera na vifaa hivi ni nadra kuikumbuka. Bentham alitaka milango ya jela iwe wazi kwa umma, mtu yeyote aingie hadi chumba cha katikati amkague mkaguzi. Alitaka pia mkaguzi alipe faini kwa kila mfungwa aliyekufa kupita kiwango cha kawaida.