Uthibitishaji wa Picha za Ukataji Haramu wa Mikoko: Mfano wa Delta ya Rufiji

Picha ya mikoko iliyokatwa inapomfikia ofisa wa misitu, hubeba madai mawili: kwamba ukataji umefanyika mahali fulani, na kwamba umefanyika siku fulani. Picha yenyewe huonesha visiki tu. Mahali na siku ni maneno ya mtumaji. Madai hayo yasipopimwa, mwanakijiji asiye na hatia anaweza kushtakiwa, au taarifa ya kweli ikatupwa. Makala haya yanafafanua upimaji huo kwa kutumia mfano wa kubuni kutoka Delta ya Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam.

Katika mfano huo, picha inatumwa kwa WhatsApp. Mtumaji anadai kwamba ilipigwa tarehe 21 Juni, saa sita na nusu mchana. Inaonesha kisiki cha urefu wa takribani mita moja kilichosimama wima kwenye tope tambarare, na nyuma yake ni bahari ya wazi. Kivuli cha kisiki ni kifupi, nacho kimeelekea kushoto kwa mtazamaji.

Hatua ya kwanza ni kuchunguza taarifa zilizohifadhiwa ndani ya faili. Simu huandika muda wa kupiga picha katika sehemu iitwayo `DateTimeOriginal`, na muda wa setilaiti katika `GPSTimeStamp`, ikiwa huduma ya mahali imewashwa. Muda wa setilaiti huandikwa kwa saa za dunia, yaani saa tatu nyuma ya saa za Afrika Mashariki. Hivyo basi, tofauti isiyokuwa saa tatu hudokeza kwamba saa ya simu haikuwa sahihi au ilibadilishwa. Hata hivyo, picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa hizi. Kukosekana kwake si ushahidi wa udanganyifu. Ofisa anapaswa kuomba faili halisi kutoka katika simu iliyopiga picha, litumwe kama waraka.

Hatua ya pili ni kupima kivuli. Rufiji iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na pale jua hufika kilele chake saa sita na dakika 25 hivi mchana mwezi Juni. Tarehe 21 Juni jua huwa upande wa kaskazini, na kisiki cha mita moja hutoa kivuli cha takribani sentimita 60 kuelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba jua huwa upande wa kusini, na kivuli hakifiki sentimita 30, nacho huelekea kaskazini. Kwa kuwa bahari iko mashariki, mpiga picha anayeitazama ana kusini mkono wa kulia. Kivuli cha Juni kingeelekea kulia. Kilichopo kimeelekea kushoto; kwa hiyo picha hiyo haikupigwa siku na saa iliyotajwa.

Kipimo hiki kina mipaka. Mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua hupita karibu utosini, na kivuli cha adhuhuri hakielekezi popote. Aidha, kivuli hakitaji mwaka. Kwa hiyo kinaweza kukanusha tarehe, lakini hakiwezi peke yake kuithibitisha.

Hatua ya tatu ni kutafuta dalili za tukio lililopangwa. Rundo la boriti lisilo na visiki vinavyolingana nalo kwa idadi na unene huenda limeletwa kutoka kwingine. Maji kujaa na kupwa nako hutoa ushahidi. Ikiwa eneo hufunikwa na maji kila siku, nyayo na vibanzi vilivyotapakaa juu ya tope haviwezi kuwa vya siku tatu zilizopita. Jedwali la maji la siku hiyo hueleza iwapo tope lilikuwa wazi saa iliyodaiwa.

Katika mfano huu, kukanushwa kwa tarehe hakumaanishi kwamba mikoko haikukatwa. Mtumaji huenda alipokea picha ya Desemba kutoka kwa mwingine akadhani ni mpya. Ofisa hulinganisha picha za setilaiti ya Sentinel-2 za Desemba na Juni, akikumbuka kwamba kila nukta yake ni mita 10 kwa 10. Miti michache iliyochaguliwa huku na huko haitaonekana, na mawingu huweza kuficha eneo. Penye shaka, ukaguzi wa mahali penyewe hubaki wa lazima.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 huitaka mahakama kuzingatia jinsi taarifa ya kielektroniki ilivyotengenezwa, kuhifadhiwa na kutumwa. Kwa sababu hiyo, ofisa huandika nani alipiga picha, nani aliipokea na kwa njia gani, kisha huhitimisha kwa mojawapo ya kauli tatu: madai yamethibitika, yamekanushwa, au hayajathibitika. Kauli ya tatu haipaswi kusomwa kama ya pili.