Fahamu: Punguzo la jumla linavyovuruga hesabu ya oda

Tuseme duka moja la Merti huuza magunia 600 ya sukari kwa mwaka. Kila oda kutoka mjini Isiolo hugharimu shilingi 3,600 za safari, iwe kubwa au ndogo. Gunia ni shilingi 6,000, na kulihifadhi mwaka mzima hula asilimia 20 ya bei, yaani 1,200.

Fomula ya Ford Harris ya mwaka 1913, √(2DS/H), ambapo D ni mauzo ya mwaka, S gharama ya oda moja na H uhifadhi wa gunia kwa mwaka, inatoa magunia 60 kwa oda. Gharama yote, bei ya sukari ikiwemo, ni 3,672,000.

Sasa muuzaji wa jumla anasema: ukichukua 100 au zaidi, gunia ni 5,900. Ukirudia fomula kwa bei hiyo unapata kama 61, ambayo haifikii kiwango cha punguzo. Basi pima pale punguzo linapoanzia, yaani 100. Sukari 3,540,000, oda sita 21,600, uhifadhi wa wastani wa magunia 50 ni 59,000. Jumla 3,620,600: umeokoa 51,400.

Akikutajia 5,850 kwa magunia 300, usikimbilie. Uhifadhi unaruka hadi 175,500 na jumla inakuwa 3,692,700, mbaya kuliko kutopewa punguzo lolote. Wengi hunaswa hapa, kwa sababu risiti huonyesha bei, haionyeshi pesa zilizolala stoo.

Hesabu hii haijui matope. Mvua ikikaribia kukata barabara, mwenye duka ana haki ya kuongeza magunia, mradi stoo isivuje. Sukari hunywa unyevu upesi.