Gauni Moja, Picha Themanini

Fundi cherehani kashona gauni la bluu, mwanamitindo kapigwa picha themanini, kisha mteja anasema katalogi inataka zambarau. Kitambaa cha zambarau kipo dukani, ila muda wa kushona na kupiga upya haupo. Mhariri akipaka rangi picha moja moja, atakesha. Lightroom Classic inaweza kuibeba kazi hiyo, mradi aanze panapostahili.

Pa kuanzia ni mwanga, gauni litasubiri. Kipimo cha Hue hakiweki rangi mpya, bali husogeza ile iliyopo. Bluu iliyopigwa karibu na dirisha na bluu iliyopigwa chini ya taa ya njano zikisogezwa kwa kiasi kilekile, zitaishia kwenye zambarau mbili tofauti. Kwa hiyo sawazisha kwanza weupe na mwangaza wa picha zote.

Sasa fungua picha moja nzuri. Ndani ya Masking chagua People, kisha Clothes, na usogeze Hue hadi upate zambarau yenyewe. Kama maski imemeza na mkoba wa kahawia, ikate kwa Intersect na Color Range, ukigusa bluu ya gauni, ili ibaki bluu tu. Ukiiacha picha hiyo ikiwa ndiyo kuu, chagua na nyingine zote, bonyeza Sync, weka alama kwenye Masking peke yake.

Hapo ndipo ujanja ulipo. Programu hainakili umbo la maski. Inalitafuta gauni upya katika kila picha, hata mwanamitindo akiwa ameketi au amegeuka. Maski ya brashi haina akili hiyo. Hubaki palepale ilipochorwa, na mtu akihama, zambarau inaangukia ukutani. Actions za Photoshop nazo zina mtego huohuo: uteuzi uliochorwa kwa mkono hurudiwa mahali palepale, ilhali Select Subject hutafuta upya.

Picha zenye watu wawili ziweke kando uzifanye peke yake, maana maski inaweza kumvaa asiyehusika. Halafu pitia zote, ukibonyeza O kuona maski ilipofika. Tazama hasa kwapani, ncha za mikono, na chini ya kidevu, ambako bluu ya kitambaa huakisiwa kwenye ngozi na kubaki hapo kama doa.

Nywele nyeusi ni kesi nyingine. Nyeusi haina rangi ya kusogezwa, hivyo Hue haifui dafu. Inabidi uchague Hair, uinue vivuli kidogo, kisha uongeze rangi kwa Color. Ukizidisha, nywele zinageuka wigi la plastiki.

Na mteja akighairi tena akataka kijani, badilisha Hue kwenye picha ile moja na ubonyeze Sync. Faili za awali hazijaguswa.